Nani Kamleta Mtazamaji? Kusoma Ripoti ya Vyanzo vya YouTube

Video ya chaneli ya Kiswahili ikipanda ghafla, maelezo matatu hutoka kwa pamoja. Mwenye chaneli husema ni linki aliyoisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp. Anayemsaidia kuhariri husema ni kichwa cha video, kwa kuwa kimeandikwa kwa maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta. Wa tatu husema ni algoriti, kwamba YouTube yenyewe imeichukua video na kuipeleka kwa watu. Wote watatu wanaweza kufungua ripoti ileile, na kila mmoja akaona namba inayomuunga mkono.

Ubishi huo una gharama. Hoja itakayoshinda ndiyo itakayoamua kama wiki ijayo itatumika kuandika vichwa upya, kurekodi mfululizo wa video zinazofanana, au kuzunguka magrupuni na linki. Chaneli nyingi ndogo hupoteza miezi kwa kufanya jambo moja kwa bidii huku watazamaji wao wakiingia kwa njia nyingine kabisa. Tatizo mara nyingi haliko kwenye ripoti. Liko katika kuisoma kana kwamba inajibu swali ambalo haikuulizwa.

Uchambuzi huu unahusu video za kawaida, zile ndefu. Video fupi za Shorts zina mstari wao kwenye ripoti na tabia yao tofauti, na kuzichanganya humu kungeharibu hesabu.

Ripoti inahesabu nini hasa

Ndani ya YouTube Studio, ukifungua Analytics, ukaingia `Advanced mode` na kuchagua `Traffic source`, utaona orodha ya njia ambazo watu walizitumia kuifikia video. Kila mstari unarekodi jambo moja tu: mtazamaji alikuwa wapi dakika ileile aliyobofya. Ni mlango wa mwisho aliopitia. Kilichomfanya atake kuingia, au nani alimtajia video hiyo jana yake, hakimo.

`YouTube search` ni watu walioandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya YouTube, wakaichagua video kwenye matokeo. `Suggested videos` ni waliobofya video ilipoonekana kando ya video nyingine au baada yake. `External` ni waliotoka kwenye tovuti au programu nyingine iliyoweka linki ya video au iliyoipachika kwenye ukurasa wake.

Hapo mipaka inaonekana safi, lakini sivyo. Anayetafuta kupitia Google badala ya YouTube huhesabiwa kwenye `External`, ingawa naye alikuwa anatafuta. Linki uliyoiweka kwenye maelezo yaliyo chini ya video yako nyingine huhesabiwa kwenye `Suggested videos`, ingawa hakuna algoriti iliyopendekeza chochote. Ni wewe uliyeiweka. Na video zinazoonekana kwenye ukurasa wa mwanzo wa YouTube, ambazo watu wengi wakisema "algoriti" ndizo wanazozifikiria, hazimo kwenye `Suggested videos` hata kidogo. Zina mstari wao unaoitwa `Browse features`, pamoja na ukurasa wa chaneli ambazo mtu amejisajili.

Kosa hili la mwisho ndilo lililowapotosha wengi baada ya Januari 2018, pale Neal Mohan, wakati huo akiwa mkuu wa bidhaa wa YouTube, aliposema kwamba zaidi ya asilimia 70 ya muda ambao watu hutazama YouTube unatokana na mapendekezo. Mtu akiilinganisha kauli hiyo na mstari wake wa `Suggested videos` ulio kwenye asilimia 10, huamini chaneli yake imeadhibiwa. Kauli ile ilihusu mtandao mzima, pamoja na ukurasa wa mwanzo. Haikuwa kipimo cha mstari mmoja wa ripoti ya chaneli moja.

Kuna jambo jingine la kujua kabla ya kuhesabu. Siku ya ripoti hufuata saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, siku mpya ya ripoti huanza saa nne au saa tano asubuhi, kutegemea msimu wa huko. Linki iliyotumwa saa mbili asubuhi Jumatatu itaonekana kama ya Jumapili. Ubishi kuhusu nani aliinua video mara nyingi humalizwa na jambo hili peke yake.

Hoja ya wanaotegemea utafutaji

Wanaoutetea utafutaji husema kwamba mtu aliyeandika swali ana shida halisi, kwa hiyo atatazama kwa muda mrefu. Husema pia kwamba utafutaji hauzimiki: swali la leo litaulizwa mwezi ujao na mwaka ujao. Ukibofya mstari wa `YouTube search`, unaona maneno yenyewe yaliyoandikwa, na hakuna chanzo kingine kinachokupa sauti ya mtazamaji moja kwa moja namna hiyo.

Hoja hii ina nguvu za pekee kwa Kiswahili. Maswali mengi ya kazi za mikono, kilimo, afya na sheria bado yana video chache nzuri kwa lugha hii, hivyo video moja iliyojibu vizuri inaweza kukaa juu kwa muda mrefu.

Udhaifu wake ni kwamba utafutaji hauzidi idadi ya wanaouliza. Kama ni watu wachache wanaoandika swali fulani kwa mwezi, hata kushika nafasi ya kwanza hakutakuletea umati. Halafu kuna mtego ndani ya orodha ya maneno: watu walioandika jina la chaneli yako nao wamo. Hao wanakujua tayari, na huenda walikusikia kwenye grupu au redioni. Ukiwajumlisha na walioandika jina la tatizo, utaamini kichwa chako kimefanya kazi ambayo haikufanywa nacho. Ni lazima maneno hayo yatenganishwe kwa mkono, mstari kwa mstari. Na orodha haitakamilika: maneno yaliyotafutwa na watu wachache sana hayaonyeshwi, kwa hiyo jumla ya maneno unayoyaona huwa ndogo kuliko jumla ya mstari.

Hoja ya wanaotegemea mapendekezo

Upande wa pili unasema utafutaji ni mwanzo tu. Anayetafuta hupata jibu na kuondoka, ilhali mapendekezo humkamata mtu ambaye hakuwa na swali na kumpeleka video ya pili na ya tatu. Hayana dari, kwa sababu hayategemei mtu kuuliza. Na tangu mwaka 2012, YouTube ilipoanza kuupa uzito muda wa kutazama badala ya idadi ya mibofyo pekee, mfumo umejengwa kumtafutia kila mtazamaji kile atakachoendelea kukitazama.

Hoja hii ni sahihi kwa chaneli zenye video nyingi zinazofuatana. Lakini ushahidi wake kwenye ripoti husomwa ovyo. Ukibofya `Suggested videos`, unapata orodha ya video zilizowaleta watu. Swali la kwanza la kuuliza ni hili: hizo ni video zangu au za wengine?

Zikiwa za wengine, basi kweli mfumo umekuona kuwa jirani wa video fulani, na hiyo ni habari kubwa. Unaweza kuzifungua na kuelewa watazamaji wao wanatafuta nini. Zikiwa zako, unachokiona ni watu ambao tayari walikuwa ndani ya chaneli yako wakisogea kutoka video moja hadi nyingine, wengine kwa mapendekezo na wengine kwa linki ulizoziweka kwenye maelezo. Hilo ni jema, ila halijaleta mtu mpya hata mmoja. Ripoti haitenganishi mibofyo ya linki za maelezo na mibofyo ya mapendekezo, hivyo mwenye chaneli aliyeweka linki kumi kwenye maelezo yake anapaswa kukumbuka kwamba sehemu ya mstari huo ni kazi ya mkono wake. Kadi na skrini za mwisho wa video zina mistari yao, kwa hiyo hizo hazichafui hesabu hii.

Udhaifu mkubwa wa njia yenyewe ni kwamba hauiongozi. Video jirani iliyokuwa inakuletea watu ikipoa, nawe unapoa, bila ya kuwa umekosea lolote.

Hoja ya wasambaza linki

Wasambaza linki wana faida ambayo wengine hawana: wanaanza leo. Chaneli mpya haina historia ya utafutaji wala majirani. Grupu la mafundi, ukurasa wa Facebook au tovuti ya gazeti huleta watazamaji saa hiyohiyo. Na kwa Afrika Mashariki, ambako mambo mengi huzunguka WhatsApp kabla ya kufika popote pengine, kupuuza njia hii ni kupuuza mahali watu walipo.

Wapinzani wao hujibu kwamba wabofyaji wa linki hawakai. Mtu amebofya kwa heshima ya aliyemtumia, akatazama sekunde chache na kurudi kwenye mazungumzo. Hili huonekana kweli kwenye ripoti nyingi, lakini wanalolijenga juu yake, yaani kwamba linki "zinaiua" video, halijathibitika. Mfumo wa mapendekezo hutazama zaidi jinsi watu wanavyoipokea video pale unapowapendekezea. Waliotoka nje na kuondoka mapema hushusha wastani wa jumla unaouona wewe. Hiyo haimaanishi kwamba mfumo umeipa video hukumu hiyohiyo.

Shida halisi ya `External` ni upimaji. Ukibofya mstari huo utaona majina kama Google Search, Facebook na WhatsApp, lakini hutaona ni grupu lipi. Alama za ufuatiliaji za UTM, zile ambazo watu wa matangazo hubandika mwishoni mwa linki, hazionekani kwenye ripoti za YouTube. Zaidi ya hapo, baadhi ya waliobofya linki yako hawatafika kwenye `External` kabisa. Watakuwa kwenye `Direct or unknown`, mstari unaobeba walioandika anwani moja kwa moja, waliohifadhi linki, na waliotoka kwenye programu ambazo YouTube haikuzitambua. Mistari hiyo miwili ikipanda siku moja na kushuka siku moja, ni busara kuishuku kuwa na chanzo kimoja.

Anayetaka kujua grupu lipi linafanya kazi ana njia moja rahisi: atume linki kwa grupu moja, angoje siku mbili, kisha atume kwa jingine, akikumbuka siku ya ripoti inaanza saa ngapi. Ni polepole, lakini jibu lake linaaminika.

Video moja, wiki mbili

Chukua mfano wa kubuni, wenye namba zilizopangwa ili hesabu ionekane. Video ya dakika 9 inafundisha kusafisha kabureta ya pikipiki ya Boxer. Wiki ya kwanza linki yake ilisambazwa kwenye magrupu ya bodaboda. Tunailinganisha na wiki ya sita, wakati hakuna aliyeisambaza tena.

Wiki ya kwanza ilitazamwa mara 2,400. `External` ilileta 1,300, `Direct or unknown` 250, `Browse features` 500, utafutaji 200 na mapendekezo 150. Wastani wa kutazama ulikuwa dakika 2 na sekunde 12. Wiki ya sita ilitazamwa mara 1,100: utafutaji 620, mapendekezo 260, `External` 90, `Browse features` 80 na `Direct or unknown` 50. Wastani ulikuwa dakika 3 na sekunde 51.

Msomaji wa haraka atatoa mahitimisho mawili: video imeporomoka, kwa sababu mitazamo imepungua kwa zaidi ya nusu, na waliobaki wameipenda zaidi, kwa sababu wastani wa kutazama umepanda sana. Yote mawili ni batili.

Gawa wastani huo kwa vyanzo. Katika mfano huu, waliotoka kwenye linki za nje walitazama kwa wastani wa dakika 1 na sekunde 20, na waliotafuta walitazama dakika 4 na sekunde 40. Namba hizo zilikuwa zilezile wiki zote mbili, na vyanzo vingine pia havikubadilika. Hakuna mtazamaji wa aina yoyote aliyeipenda video zaidi wala pungufu. Kilichobadilika ni mchanganyiko: wiki ya kwanza zaidi ya nusu ya watu walikuwa wabofyaji wa linki, wiki ya sita zaidi ya nusu walikuwa watafutaji. Wastani wa jumla umepanda bila ya mtu yeyote kubadili tabia. Mhariri ambaye angekata utangulizi wa video katika wiki ya kwanza kwa sababu ya zile dakika 2 angekuwa anatibu ugonjwa usiokuwepo.

Na video haikuporomoka. Ukizidisha mitazamo kwa wastani wa muda, wiki ya kwanza ilileta takriban saa 88 za kutazamwa, na wiki ya sita takriban saa 71. Mitazamo imeshuka hadi chini ya nusu, lakini muda umebaki karibu asilimia 80.

Angalia pia asilimia za utafutaji. Zilikuwa 8, zikawa 56, ongezeko la mara saba. Watu wenyewe walitoka 200 hadi 620, ongezeko la mara tatu. Tofauti imetokana na kushuka kwa linki, ambako kumeifanya sehemu ya utafutaji ionekane kubwa zaidi. Asilimia za ripoti hii hugawana jumla moja, kwa hiyo chanzo kimoja kikipungua vingine vyote huvimba bila kazi. Soma idadi kwanza, asilimia baadaye.

Sasa fungua mistari. Ndani ya utafutaji, tuseme mitazamo 140 ilitokana na jina la chaneli, na mingi ya iliyobaki kwenye maneno kama "boxer inakula mafuta" na "boxer haiwaki asubuhi". Ndani ya `External` ya wiki ya sita, 60 kati ya 90 ni Google Search. Hao 60 ni watafutaji waliokaa kwenye mstari mwingine. Ukiondoa wenye jina la chaneli na kuongeza wa Google, watu walioletwa na tatizo lenyewe ni kama 540. Ndani ya mapendekezo 260, tuseme 170 yalitoka kwenye video za chaneli hiyohiyo. Kwa hiyo jirani wa nje ameleta 90 tu, idadi ambayo haistahili bado kuitwa algoriti "kuichukua" video.

Bado kuna kiwango cha kubofya, ambacho watu hukitumia kuhukumu thamneli. Katika wiki ya kwanza, tuseme picha ya video ilionyeshwa mara 17,000 ndani ya YouTube na mibofyo iliyotokana nayo ni 850, yaani asilimia 5. Kwa maelezo ya YouTube yenyewe, nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya asilimia 2 na 10, kwa hiyo hapa hakuna la kutisha wala la kushangilia. Kosa ni kugawanya mitazamo yote 2,400 kwa 17,000 na kupata asilimia 14. Kuonyeshwa huhesabiwa pale tu angalau nusu ya thamneli inapoonekana kwa zaidi ya sekunde moja ndani ya YouTube. Linki ya WhatsApp, skrini ya mwisho na taarifa za simu hazimo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo thamneli haiwezi kusifiwa wala kulaumiwa kwa waliokuja kwa linki.

Kipi kipewe uzito

Kwa video kama hii, hoja ya utafutaji ndiyo nzito zaidi. Sababu si asilimia 56. Ni kwamba idadi ya watafutaji iliongezeka wakati hakuna aliyekuwa akiisukuma video, walikaa zaidi ya nusu ya video, na maneno yao mengi yanataja tatizo badala ya jina la chaneli. Masharti hayo matatu yakitimia kwa pamoja, ushahidi unatosha.

Hata hivyo wasambaza linki wana haki moja ambayo ripoti haiwezi kuwapa wala kuwanyang'anya. Mwendesha bodaboda aliyeingia kwa linki wiki ya kwanza, kisha akaliandika jina la chaneli wiki ya sita, amehesabiwa kama mtafutaji. Aliyerudi kwa sababu video nyingine ilimtokea ukurasa wa mwanzo yuko kwenye `Browse features`. Ripoti haimfuati mtu mmoja kutoka mlango hadi mlango, na hakuna hesabu ya baadaye inayoweza kumrejesha kwa aliyemleta mara ya kwanza. Wale 140 walioandika jina la chaneli ndio dalili pekee ya deni hilo, na ni dalili tu. Anayeacha kabisa kusambaza kwa sababu wastani wa `External` ni mdogo anafanya uamuzi ambao namba hazijautetea.

Wa mapendekezo, kwa sasa, hawana hoja hapa. Wangekuwa nayo kama wale 90 wa nje wangeongezeka wiki hadi wiki kutoka kwa video zilezile jirani. Hilo ndilo la kufuatilia.

Hatua inayofuata basi inatokana na maneno yaliyoandikwa. "Boxer haiwaki asubuhi" ni swali ambalo video ya kabureta inalijibu nusu, kwa kuwa tatizo linaweza kuwa plagi au betri. Linastahili video yake, itakayounganishwa na ya kwanza kwa skrini ya mwisho badala ya linki ya maelezo, ili mibofyo yake isomeke kwenye mstari wa peke yake na isichanganyike na mapendekezo. Linki ya video mpya ipelekwe kwa magrupu ya mafundi, moja baada ya jingine, kwa nafasi ya siku mbili. Kisha video hizo mbili zilinganishwe baada ya siku 28, chanzo kwa chanzo, kwa idadi na kwa saa za kutazamwa, huku siku mbili za mwisho zikiachwa nje kwa kuwa takwimu zake huwa bado hazijakamilika.